"Ndugu" haimbagui mwanamke

"Namwandikia J. Baraka, simjui kabisa. Si lazima nichague Bwana au Bibi ndipo nionekane na adabu?"

Hapana. Anza na "Ndugu J. Baraka". Wengi hudhani "Ndugu" ni ya wanaume, lakini ndugu yako anaweza kuwa dada au kaka, na katika barua rasmi humfaa yeyote. Kama hata jina huna, tumia kazi yake: "Ndugu Mhasibu".

Kisha weka "Habari za kazi". Usikimbilie "Shikamoo", kwa sababu hiyo hutolewa na mdogo kwa mkubwa; ukimpa mtu uliyemzidi miaka, unampa wakati mgumu wa kuitikia "Marahaba". "Habari" haiulizi umri.

Baada ya hapo huna tena pa kujikwaa: katika "Naomba unitumie risiti", kile kiambishi "u" hakitofautishi mke na mume, wala bosi na karani.

Akijibu, tazama alivyojitambulisha. Akiandika "Dkt. Joyce Baraka", barua inayofuata ianze na "Dkt. Baraka". Kuendelea na "Ndugu" wakati cheo umeshakiona kunaweza kusomeka kama dharau.