Fomu yako ya PDF haina virusi, ina majina yanayofanana

Wiki hii nimeletewa tena fomu "yenye virusi". Kijana aliyeitengeneza alinipigia simu akiwa na hofu kabisa: "Kaka, ukiandika namba ya mwombaji, inajiandika na kwa mdhamini. Nimeskani kompyuta mara mbili, haioni kitu." Ni mtu wa tatu ndani ya mwezi mmoja, na wote watatu walikuwa wanaamini jambo lilelile: kwamba jina la uga ni lebo tu ya kumsaidia mtengenezaji, na kinachotenganisha uga mmoja na mwingine ni mahali ulipochorwa kwenye ukurasa.

Sivyo. Katika PDF, uga ni jina na thamani yake. Kile kisanduku unachokiona ni dirisha tu la kuutazama uga huo. Ukiweka visanduku viwili vyenye jina `simu`, hujatengeneza nyuga mbili, umetengeneza uga mmoja wenye madirisha mawili. Ukiandika kwenye dirisha moja, maandishi yanatokea kwenye yote. Ndivyo PDF ilivyokusudiwa ifanye kazi, na ni jambo zuri sana pale unapotaka jina la mwombaji lililoandikwa ukurasa wa kwanza lijitokeze lenyewe juu ya ukurasa wa pili.

Mistari na miraba iliyokuwepo kwenye PDF ya kawaida haihusiki hata kidogo. Hiyo ni michoro. Hata kama ukurasa ni picha iliyoskaniwa, unaweza kuweka nyuga juu yake na zikafanya kazi vizuri.

Sasa tuiangalie fomu ya huyu kijana. Ni fomu ya kujiunga na chama. Ina visanduku kumi: jina, simu na anwani ya mwombaji, jina, simu na anwani ya mdhamini, tarehe ya kuzaliwa, orodha kunjuzi ya kiwango cha elimu, na visanduku viwili vya tiki, kimoja cha anayehitaji malazi, kingine cha anayehitaji usafiri. Alifungua PDF kwenye Acrobat, akaingia `Prepare Form`, akachora nyuga tatu za mwombaji vizuri kabisa. Alipofika kwa mdhamini akaona asijichoshe: akanakili zile tatu akazibandika chini. Kunakili na kubandika hunakili na jina. Kisanduku cha tiki cha usafiri nacho alikinakili kutoka kile cha malazi.

Kabla ya kugusa chochote, mimi huomba orodha ya nyuga kwa `pdftk`, programu ya PDF inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
pdftk fomu.pdf dump_data_fields
```

Kila uga hutoka na maelezo yake, kwa mfano:

```
---
FieldType: Button
FieldName: malazi
FieldFlags: 0
FieldJustification: Left
FieldStateOption: Off
FieldStateOption: Yes
```

Nikahesabu `FieldName`: jina, simu, anwani, tarehe, elimu, malazi. Sita. Kwa macho naona visanduku kumi, faili linasema nyuga ni sita. Hapo hakuna haja ya kutafuta virusi.

Nyuga za maandishi ni rahisi kurekebisha. Bofya kisanduku mara mbili, nenda `General`, badilisha `Name`. Mimi naandika `mwombaji.simu` na `mdhamini.simu`. Nukta hiyo ina maana yake: inatengeneza kundi, na ndani ya kila kundi kuna `simu` yake. Kwa hiyo usiweke nukta ovyo kwa kufupisha neno, maana "Tel. nyumbani" itasomwa kama kundi liitwalo "Tel" lenye uga ndani yake. Na maelezo ambayo mjazaji atayaona akipeleka kishale juu ya uga yanaandikwa kwenye `Tooltip`, hapo hapo chini ya `Name`. Ndiyo pia yanayosomwa na programu za kuwasomea wasioona. Kama unataka lebo, lebo ni hiyo.

Visanduku vya tiki ndivyo vinavyonikera, kwa sababu huko watu "hurekebisha" kosa na kuzaa lingine. Kisanduku cha tiki kina jina, halafu kina `Export Value`, yaani kile kitakachoandikwa kwenye data kikiwekwa tiki. Kisipowekwa tiki, thamani ni `Off`. Visanduku viwili vyenye jina moja na thamani moja huwaka pamoja na kuzimika pamoja. Kijana aliona hilo, akaliacha jina kama lilivyo, akaenda kubadilisha `Export Value` ya kile cha pili kuwa `usafiri`. Ikaonekana imepona. Kumbe sasa alikuwa ameambia PDF kwamba uga mmoja una majibu mawili, na uga mmoja hauwezi kuwa na majibu mawili kwa wakati mmoja. Ukitia tiki usafiri, malazi inafutika. Kwa hiyo anayehitaji vyote viwili hana njia ya kusema.

Kanuni ni hii: mambo yanayoweza kuwa kweli pamoja yapewe majina tofauti. Mambo ambayo moja likiwa kweli mengine hayawezi kuwa, kama ndiyo na hapana, yapewe jina moja na thamani tofauti, na hapo tumia vitufe vya duara, kwa sababu mjazaji akiona duara anajua achague kimoja.

Orodha kunjuzi nayo ina sura mbili: `Item` ni maneno anayoyaona mjazaji, `Export Value` ni yale yatakayokwenda kwenye data. Chaguo la kwanza liwe "Chagua", si "Msingi", la sivyo kila aliyeruka swali anaweza kuhesabiwa ameishia shule ya msingi. Hapa nakiri sijapata msimamo ninaoridhika nao. Orodha kunjuzi ni safi kwenye skrini, lakini mtu akiichapisha fomu tupu ili ajaze kwa kalamu, anaona kisanduku kimoja tu na hajui machaguo mengine ni yapi. Nikijua fomu itapita kwenye karatasi, naweka vitufe vya duara hata kama vinakula nafasi. Nisipojua, nasitasita kila mara.

Majina yarekebishwe kabla fomu haijatumwa. Ukiyabadilisha baadaye, fomu za zamani na mpya zitaleta data yenye vichwa tofauti, na kuzioanisha ni kazi ya mkono.

Tulipomaliza, amri ileile ilitoa majina kumi. Bado sikumruhusu atume. Nilimwambia ajaze kila uga wa maandishi kwa jina lake mwenyewe, `mwombaji.simu` kwenye kisanduku hicho, `mdhamini.simu` kwenye kile, aweke tiki zote mbili, ahifadhi, afunge, kisha alifungue faili kwenye programu nyingine. Ahifadhi kwa kuhifadhi, si kwa kuchapisha kuwa PDF, maana kuchapisha hugeuza nyuga kuwa maandishi ya ukurasa na faili jipya halina uga hata mmoja. Alifanya hivyo. Tiki zote mbili zilibaki, na chini ya mdhamini palisomeka `mdhamini.simu`.