Vipi utasahihisha imeli ya mtu na bado ibakie maneno yake?

"Mjomba wangu seremala huniletea imeli zake za wateja nimtizamie kabla hajazituma. Nikimrudishia ananambia hii si mimi niloandika. Sasa makosa nayaondoaje bila ya kumuondoa na yeye?"

Unagusa neno pale tu unapoweza kutaja kosa lenyewe ni lipi. Kama sababu yako ni kwamba wewe ungesema vyengine, basi pale hapana kosa, uache mkono. Ni kama kanzu ilofumuka ubavuni, fundi anashona palipofumuka, tarizi ya shingoni haimuhusu.

Wengi wanadhani kusahihisha maana yake ni kuyapandisha maneno yawe ya kiofisi, na huku kwetu inazidi manake mtu akishasoma kidogo anaona kila neno la visiwani ni kosa linalosubiri kufanywa sanifu. Mtu anaona "skuli" anaweka "shule", na skuli ndo neno linalotumika Zanzibar mpaka kwenye karatasi za serikali. Na hicho kisanifu chenyewe msingi wake ni Kiunguja, kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Halafu hata wenye kamusi hawakukubaliana kila kitu: ya TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1981 inaitwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ya BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya mwaka 2010 inaitwa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Moja "ya", moja "la", tena kwenye jalada, na mimi hili linanifurahisha kila nikilikumbuka. Ikiwa wao wametafautiana hapo, wewe usiwe na haraka ya kumkatia mjomba.

Tuchukue imeli moja tuione kwa karibu. Nimeitunga mwenyewe lakini ni ya namna hiyo hiyo, seremala wa Chake Chake anamuandikia mteja wake Dar es Salaam, mwalimu anaefungua skuli:

"Assalaam alaykum mwalimu. Madawati ya skuli tushayamaliza yote 30, yamebaki kupigwa vanishi tu. Jumatano asubuhi tutayapakia kwenye boti inshaallah. Ule mguu uliosema unacheza nimeuangalia mwenyewe, umekazwa na haitacheza tena. Swala la dhamani ni lile lile tulokubaliana, dawati moja 85,000, jumla 2,450,000. Ukiipata hii tafadhari nijulishe ili niseme na watu wa boti."

Mara ya kwanza isome yote mpaka mwisho usiguse kitu, upate kumsikia anavosema. Mara ya pili ndo unatia alama, na kila alama uweze kuitetea.

"Swala" iwe "suala", kwa sababu swala ni yule mnyama, na kwa wengine ni ile ibada, jambo la kuzungumzwa ni suala. "Dhamani" iwe "thamani". "Tafadhari" iwe "tafadhali". Haya matatu kamusi yoyote inakumalizia, na mwenyewe ukimuonesha atakwambia haya, yamenipita. Ungeweza kusema hapo kwenye thamani ingekaa vizuri zaidi "bei", labda kweli, lakini hilo ni chaguo lako na si kosa lake.

La nne ni "haitacheza". Hapa mtu anaweza kubisha kwamba watu ndo wanavosema, lakini mtizame yeye mwenyewe: kaanza na "ule mguu", akasema "nimeuangalia", akasema "umekazwa", mara hiyo hiyo "haitacheza". Yaani sentensi yake mwenyewe ndo inayomshtaki, kanuni anaijua na kaifata mara zote hizo, ya mwisho kateleza. Iwe "hautacheza". Mimi huu ndo ushahidi ninaoupenda kuliko wa kamusi, manake unatoka kwa mwenye maneno.

Sasa angalia "tushayamaliza" na "tulokubaliana". Mtu wa haraka ataweka "tumeshayamaliza" na "tuliyokubaliana" ajione kafanya kazi. Lakini hizi hazikuteleza, zina utaratibu wake: visiwani kote tunasema nishakula, tushafika, washaondoka, na "tulokubaliana" ni "tulilokubaliana" ilofupishwa, manake linarejea kwenye suala, kwa hivyo ungeandika "tuliyo" ungeharibu kitu kilichokuwa kizima. Alama ya lahaja ni hiyo, inajirudia kwa mpango na wenzake wanasema hivo hivo, wakati kosa linatokea pahala pamoja likakosekana pengine. Si kila mara mpaka unaonekana hivi, kuna maneno utakwama, na ukikwama unamuuliza mwenyewe. Vivyo hivyo kama neno ni sahihi ila unaona mteja halitamfikia, mfano muuza mboga anaemuandikia mtu wa bara "tungule", muulize mwenyewe kama aandike nyanya, usimbadilishie kimya kimya.

Sasa tuone ile ilosahihishwa kupita kiasi: "Tunapenda kukujulisha kuwa madawati 30 ya shule yamekamilika na yatasafirishwa siku ya Jumatano. Dosari uliyoripoti imekaguliwa na kurekebishwa." Kosa la herufi huoni hata moja, ila imesema vitu ambavo mjomba hakusema. "Yamekamilika" si kweli, vanishi bado. Inshaallah imeondoka, na ile ilikuwa na kazi yake, Jumatano alikuwa anaitarajia akijua bahari na boti si vyake, sasa imekuwa ahadi ya kukata. Na "nimeuangalia mwenyewe" imekuwa "imekaguliwa", kakagua nani? Mteja alilalamika juu ya mguu, na jibu alilokuwa analitaka khasa ni kwamba fundi mkubwa kauona kwa macho yake. Hapo ndo mjomba anaposema hii si mimi, na yuko sahihi, manake zimeondoka sauti na maana pamoja.

Kwa hivyo mara ya tatu unaposoma, weka ya kwako na ya kwake ubavu kwa ubavu, ujiulize kila sentensi: kuna ahadi ilozidi, ilopungua, au mtu alokuwepo akatoweka? Ukiona ndio, rudisha maneno yake. Kama mnaandikia kwenye Google Docs basi washa Suggesting, kila ulichogusa kitaonekana na yeye akubali au akatae. Kama ni simu tu, mrudishie imeli na chini yake umuandikie yale maneno manne ulobadilisha. Na utizame ile autocorrect ya simu, mara nyengine inageuza neno zima la Kiswahili kuwa la Kiingereza baada ya wewe kumaliza kazi.

Limebaki moja, na hili ndo kubwa kuliko yote ingawa kamusi halimo. Madawati 30 kwa 85,000 ni 2,550,000, yeye kaandika 2,450,000. Usisahihishe. Inawezekana kakosea kujumlisha, inawezekana idadi ndo siyo, na inawezekana kampunguzia mwalimu laki moja wakakubaliana kwa mdomo akasahau kuitaja. Nambari, majina na tarehe za mtu hukisii, unauliza: "Mjomba, jumla inanitokea 2,550,000, umemtolea laki au vipi?" Akisema ni kosa, unabadilisha tarakimu moja basi. Akisema kampunguzia, mwambie aongeze hapo maneno ya kusema hivo, na aandike yeye.