PASSED haitoshi: mistari ya SMART ninayosoma kabla ya kuhamisha data

Watu wengi wanaoniletea diski hapa Mwanga, Kigoma, wanakuja na jibu tayari: "Fundi, nimeipima, imesema iko safi." Wakinionyesha, nakuta neno lile lile:

```
SMART overall-health self-assessment test result: PASSED
```

Huo mstari unatoka kwenye SMART, ripoti ambayo diski hujiandikia kuhusu afya yake, na usikutulize. Ukisema FAILED, uamini na uanze kunakili papo hapo. Ukisema PASSED, bado hujaambiwa lolote. Nieleze kwa nini, kwa kutumia diski moja ya TB 1 iliyoletwa na kaka mmoja wa Ujiji anayepiga picha za harusi.

Malalamiko yake yalikuwa ya kawaida. Laptopu inachukua muda mrefu kuwaka, folda ya picha ikifunguliwa kila kitu kinaganda, kisha baada ya dakika inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kwenye Task Manager diski ilikuwa imejaa 100% huku kasi ya kusoma ikiwa karibu na sifuri. Dalili hiyo naiheshimu kuliko zote. Diski yenye kazi nyingi inaonyesha 100% na kasi kubwa. Ikiwa 100% na hakuna kinachosomwa, maana yake inahangaika na sehemu moja, inairudia tena na tena. Nikafungua Event Viewer, nikakuta onyo la namba 7 kutoka `disk` limejipanga mistari mingi, likisema kuna bloku mbovu.

Hapo sikuendelea na Windows. Niliizima laptopu, nikaiwasha kwa flashi yenye Linux, ili Windows isipate nafasi ya kuandika chochote kwenye ile diski wala kuanzisha ukaguzi wake wenyewe wakati wa kuwaka. Kisha nikaiomba diski itoe taarifa zake kwa smartctl, programu ya kusoma SMART:

```
sudo smartctl -A -f brief /dev/sda
```

Mistari iliyonihusu ni hii:

```
ID# ATTRIBUTE_NAME          FLAGS    VALUE WORST THRESH FAIL RAW_VALUE
  5 Reallocated_Sector_Ct   PO--CK   100   100   010    -    48
  9 Power_On_Hours          -O--CK   076   076   000    -    21340
197 Current_Pending_Sector  -O--C-   100   100   000    -    152
198 Offline_Uncorrectable   ----C-   100   100   000    -    152
199 UDMA_CRC_Error_Count    -OSRCK   200   200   000    -    0
```

Angalia safu ya THRESH, yaani kizingiti. Diski hujitangaza FAILED pale VALUE ya kipengele muhimu inaposhuka hadi kufikia kizingiti chake. Kwenye mstari wa 197 kizingiti ni 000, na VALUE kwa kawaida haishuki chini ya 1. Ni somo ambalo alama ya kufaulu ni sifuri: hakuna atakayefeli. Kwa hiyo diski inaweza kuwa na mamia ya sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zisizosomeka na bado ikaandika PASSED bila kusema uongo wowote. Mtengenezaji ndiye aliyepanga vizingiti, na mimi siwezi kumlazimisha awe mkali zaidi. Ninachofanya ni kuiacha VALUE na kusoma RAW_VALUE, namba ghafi ya mwisho kulia.

Sasa maana ya namba hizo. Mstari wa 5 unahesabu sekta ambazo diski ilizikataa, ikaweka za akiba mahali pake. Hizo zimeshazikwa, data iliyokuwa humo ama iliokolewa ama ilipotea zamani. Mstari wa 197 ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu unahusu data ya leo. Ni sekta ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua izifanye nini. Haiwezi kuzibadilisha na za akiba kimya kimya, kwa kuwa haijui kilichoandikwa ndani. Inasubiri moja kati ya mawili: isomeke siku moja, au mtu aandike kitu kipya juu yake. Mstari wa 198 mara nyingi unafanana na 197, ukitokana na ukaguzi ambao diski hujifanyia yenyewe.

152 inagawanyika kwa 8. Diski nyingi za siku hizi zina sekta halisi za baiti 4,096, lakini huzihesabu kwa vipande vya 512, ndiyo maana namba zinapanda kwa nane nane. Basi 152 ni sekta halisi 19. Kwenye TB 1 hicho ni kitu kidogo mno. Swali la maana ni kama namba inaongezeka. Sekta 8 zilizobaki palepale baada ya umeme kukatika katikati ya kuandika si sawa na 8 ambazo keshokutwa ni 40.

Kama unatumia CrystalDiskInfo kwenye Windows, kuna mtego. Namba ghafi inazionyesha kwa mfumo wa heksadesimali, yaani wa kuhesabu kwa kumi na sita, usipoibadilisha. Diski hii hii ingekuonyesha `000000000098`, nawe ungesoma tisini na nane, kumbe ni 152. Nenda Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC]. Kwa upande mwingine programu hiyo inaangalia namba ghafi za 5, 197 na 198, kwa hiyo inaweza kuweka rangi ya njano na kuandika Caution pale ambapo smartctl inasema PASSED. Hazipingani, kila moja imeulizwa swali lake.

Usichanganye haya na mstari wa 199. Huo unahesabu makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na kompyuta. Ukiona 199 ina namba kubwa na 5, 197 na 198 zote ni sifuri, badilisha waya kwanza, au safisha kiunganishi. Namba haitarudi sifuri hata ukibadilisha, ila itaacha kupanda. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa sababu ya waya. Na kwenye Seagate, usishtuke ukiona mstari wa 1 na wa 7 una namba za mamilioni; ndivyo zinavyoandikwa kwenye diski hizo.

Turudi kwa kaka wa Ujiji. Aliniambia, "Fundi, wengine wamenishauri nipige chkdsk kwanza itengemae, ndiyo tuhamishe." Nilimkatalia. `chkdsk /r` hupita diski nzima ikitafuta bloku mbovu, halafu inarekebisha orodha ya mafaili, na kurekebisha maana yake ni kuandika. Ikiamua kwamba faili limevunjika, inaweza kulikata vipande au kuliondoa kwenye folda. Kufomati kikamilifu ni kubaya zaidi: kunaandika juu ya zile sekta zinazosubiri, 197 inashuka hadi 0, diski inaonekana imepona, na kilichokuwa ndani kimeondoka moja kwa moja. Hata jaribio refu la `smartctl -t long` siliruhusu hatua hii. Linasoma uso mzima wa diski, saa nzima na zaidi, halafu linakupa sentensi moja. Kama diski ina nguvu ya kusomwa mara moja tu, usomaji huo nautumia kunakili.

Nilitumia ddrescue, programu ya kunakili diski yenye sehemu mbovu, ambayo kwenye Ubuntu inapatikana kwa jina la `gddrescue`. Diski ya kupokelea ilikuwa ya TB 2, yenye mfumo wa ext4. Isiwe FAT32, kwa sababu faili moja humo halizidi GB 4, na hapa tunatengeneza faili moja la TB 1. Kabla ya yote hakikisha ipi ni ipi, maana ukigeuza majina utaandika juu ya kile unachotaka kukiokoa:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
sudo ddrescue -d -n /dev/sda /media/nje/harusi.img /media/nje/harusi.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /media/nje/harusi.img /media/nje/harusi.map
```

Mstari wa kwanza wa ddrescue unachukua yote yanayosomeka kirahisi na kuyaruka maeneo magumu. Wa pili unarudi kwenye magumu na kuyajaribu mara tatu. Mpangilio huo ndio unaoitofautisha na kunakili kwa kuburuta folda: ukiburuta, sekta ya kwanza mbovu inasimamisha kila kitu, na diski inachoka ukiwa bado hujachukua kilicho kizima. Faili la `.map` linaandika kila kilichochukuliwa. Umeme ukikatika, na hapa unakatika, unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoishia. Ukilisahau hilo faili, unaanza upya kwenye diski ambayo haikuwa na hali ya kuanza upya.

Sehemu nzima ilikimbia. Kisha kasi ikaanguka, diski ikawa inatoa mlio wa kukwaruza kwa mbali, nikaiacha imetulia mezani na feni ikiipuliza. Mwishoni ddrescue ilionyesha baiti 94,208 ambazo hazikupatikana. Nikasoma SMART tena: 197 ilikuwa imefika 184. Zidisha 184 kwa 512, utapata 94,208. Hesabu zikikutana hivyo, najua sioni tatizo la waya wala la programu. Ni uso wa diski wenyewe, na nyongeza ile ni sekta ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa mpaka tulipozisoma.

Kazi zote za kurekebisha nilizifanya kwenye nakala, kamwe si kwenye diski yenyewe. Picha karibu zote zilifunguka. Chache zilikuwa na mkanda wa kijivu kuanzia katikati kwenda chini, na video moja inaruka sekunde kadhaa.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, SMART safi si dhamana. Utafiti uliochapishwa na watu wa Google mwaka 2007, kwa diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba zaidi ya 36% ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye vipengele vya SMART, joto likiwekwa kando. Lakini diski zilipoanza kuonyesha makosa ya usomaji wa uso, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya zile zisizo nayo. Kwa maneno mengine, ukiona namba iamini, usipoiona bado usiiamini diski. Pili, diski inayogonga tak-tak-tak kwa mpigo, au isiyotokea kabisa kwenye lsblk, si ya ddrescue. Huenda kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila dakika inayozunguka kinaweza kukwangua sahani. Izime. Usiifungue sebuleni kuona ndani. Kama data ina thamani ya nauli na gharama, inapelekwa kwa wenye chumba kisicho na vumbi.

Diski ikiwa kwenye kasha la USB na smartctl ikasema haitambui kiunganishi, jaribu kuongeza `-d sat`. Makasha mengi yanakubali. Yasiyokubali, itoe diski kwenye kasha na uiunge moja kwa moja.

Kaka aliniuliza kama anaweza kuifomati ile diski amuuzie mtu wa kuwekea muziki. Nilimwonyesha kwamba ikiandikwa sifuri mwanzo hadi mwisho, 197 itarudi 0 na mnunuzi ataona PASSED. Akicheka akasema, basi na mimi nikinunua ya mtumba niangalie nini? Nikamwambia aanze na mstari wa 5 na wa 9, ule wa saa ambazo diski imewashwa, kisha aisome yote mwanzo hadi mwisho mbele ya muuzaji, halafu aangalie 197 tena kabla ya kutoa hela.