Glasi moja ya maziwa: inavyosafiri kutoka mdomoni mpaka kwenye damu

Kwenye kliniki yetu ya magonjwa ya tumbo, swali la maziwa haliishi. Mtu anakuambia, dokta mimi tumbo langu bovu, nikinywa maziwa tu baada ya nusu saa linaanza kunguruma, linajaa gesi, mara naharisha, sasa nipeni dawa ya tumbo. Ukimpima, tumbo lenyewe halina shida yoyote, asidi ipo sawa, hakuna kidonda, hakuna chochote. Tatizo liko mbele zaidi, kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, tena ni kitu kimoja tu kimepungua pale. Kwa hiyo leo tuifuate glasi moja ya maziwa mwanzo mwisho, manake maziwa yana kila kitu ndani yake, sukari, protini, mafuta na madini, na kila kimoja kina njia yake ya kuingia kwenye damu.

Glasi ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta ina kama gramu 12 za sukari inayoitwa laktosi, protini gramu 8 hivi, mafuta gramu 8 hadi 9 na kalsiamu kama miligramu 300. Kilichobaki karibu chote ni maji.

Mdomoni hayakai, yanapita tu, tusipoteze muda hapo. Yakifika kwenye mfuko wa chakula yanakutana na asidi kali, na hapo maziwa yanaganda. Ndiyo, yanaganda, na ndo inavyotakiwa, mtoto mchanga akicheua mabonge meupe siyo kwamba maziwa yaliharibika, ni tumbo linafanya kazi yake. Protini kubwa ya maziwa, kazeini, inageuka mabonge laini, alafu yale maji maji yenye sukari yanabaki pembeni. Kimeng'enya kinachoitwa pepsini kinaanza kuyakatakata yale mabonge. Asidi yenyewe haikati protini kama watu wanavyodhani, inachofanya ni kuifumua protini ili pepsini ipate pa kushika, pia inaiwasha pepsini na kuua vijidudu vingi.

Sasa hapa niseme jambo ambalo wengi hawalitegemei: mfuko wa chakula haufyonzi karibu kirutubisho chochote cha maziwa. Kazi yake ni kuhifadhi, kuchanganya, na kuachilia kidogo kidogo. Kwenye mlango wake wa kutokea kuna msuli unaobana, unaruhusu mililita chache zipite kila tumbo linapojikamua, yale maji yenye sukari yanatangulia, mabonge ya protini na mafuta yanachelewa. Na kuna watu waliotolewa mfuko wa chakula wote kwa upasuaji, labda kwa sababu ya saratani, na bado wanakula na kuishi, ila inabidi wale kidogo kidogo mara nyingi na wapewe vitamini B12 maisha yao yote, kwa kuwa tumbo ndilo linalotengeneza kitu kinachosaidia vitamini hiyo kufyonzwa. Lakini hakuna mtu anayeweza kuishi kwa chakula cha kawaida bila utumbo mwembamba. Kazi kubwa iko huko.

Utumbo mwembamba kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Sehemu ya kwanza, duodeni, ni fupi sana, kama sentimita 25 tu, ila ndo sehemu yenye shughuli nyingi. Asidi ikifika pale, ukuta wa utumbo unatoa homoni, homoni inaingia kwenye damu, inaenda kuiambia kongosho itoe maji yenye baikabonati kuizima ile asidi. Hii ndo homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa, inaitwa sekretini, waliigundua Bayliss na Starling kule London mwaka 1902. Mafuta na protini zikifika, homoni nyingine inatoka, inaibana nyongo itoke kwenye kifuko chake na inaisukuma kongosho ilete vimeng'enya.

Nyongo haimeng'enyi mafuta. Inayagawanya yawe matone madogo madogo, ili kimeng'enya cha kongosho kinachoitwa laipesi kipate sehemu kubwa ya kufanyia kazi. Ndo maana mtu ambaye njia ya nyongo imeziba au kongosho yake imechoka anaanza kupata choo cheupe au chenye mafuta, kinaelea, kinanuka kuliko kawaida na kinagoma kuondoka hata ukimwaga maji. Ukiona hivyo siku kadhaa mfululizo, hilo siyo suala la kubadilisha vyakula, nenda hospitali ukapimwe.

Turudi kwenye sukari yetu, manake hapa ndo penye kisa. Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vinyama vidogo vilivyosimama kama vidole, kila kimoja hakizidi milimita 1 hivi kwa urefu, na juu ya kila seli yake kuna vijinywele vidogo zaidi ambavyo huwezi kuviona bila hadubini. Mikunjo yote hiyo inafanya eneo la kufyonzea lifikie kama mita za mraba 30. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na seli za utumbo hazina mlango wa kuipitisha ikiwa imeshikana hivyo. Lazima ikatwe kwanza. Kinachoikata ni laktesi, na laktesi haielei kwenye maji maji ya utumbo kama vimeng'enya vya kongosho, imepachikwa kwenye ukuta wenyewe, juu kabisa kwenye ncha za hivyo vijidole.

Ikishakatwa, glukosi na galaktosi zinaingia kwenye seli kupitia mlango ambao haufunguki bila chumvi: kila molekuli moja ya sukari inaingia pamoja na chembe mbili za sodiamu. Upande wa pili wa seli sukari inatoka kwenda kwenye mshipa mdogo wa damu, sodiamu nayo inasukumwa itoke kwa kutumia nguvu ya seli, na maji yanafuata nyuma yake. Huu mlango ndo sababu ya maji ya kuongeza mwilini, yale ya ORS, kuwa na sukari na chumvi kwa pamoja, kwa sababu hata mtu wa kipindupindu anayeharisha maji matupu huo mlango wake unakuwa bado unafanya kazi. Chumvi peke yake haivuti maji vizuri namna hiyo, na sukari ikizidishwa sana inaongeza kuharisha, kwa hiyo vipimo vya paketi vifuatwe vilivyo.

Kutoka hapo damu haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Inakusanywa kwenye mshipa mkubwa unaopeleka kila kitu kwenye ini kwanza, ini linaigeuza galaktosi iwe glukosi, linahifadhi kiasi, nyingine inaendelea mwilini. Protini nazo, zikishakatwa vipande vidogo sana na vimeng'enya vya kongosho na vya ukuta, zinapita njia hiyo hiyo ya ini. Mafuta mengi hayapiti huko. Seli za utumbo zinayafunga upya kwenye vifurushi vikubwa kiasi kwamba haviwezi kupenya kwenye mishipa midogo ya damu, vinaingia kwenye mishipa ya limfu, vinapanda kifuani mpaka vinamwagwa kwenye mshipa wa damu karibu na bega la kushoto. Yaani mafuta ya ile glasi yanaingia kwenye damu juu huku, yakiwa yamelikwepa ini kwenye safari yao ya kwanza.

Sasa chukua watu wawili, wote wamekunywa glasi ile ile saa mbili asubuhi na hawakula kitu kingine. Wa kwanza ana laktesi ya kutosha, sukari yake inaanza kupanda kwenye damu ndani ya dakika chache na kwenye saa nne hivi imesharudi karibu na ilipokuwa, hana habari. Wa pili laktesi yake imepungua. Zile gramu 12 sehemu yake haikatwi, inabaki ndani ya utumbo na inavuta maji, tumbo linaanza kunguruma. Alafu inashuka mpaka utumbo mpana ambako bakteria wanaichachua na kutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na wengine methani. Hapo ndo gesi, kujaa, maumivu ya kukata na choo laini, kwa kawaida kuanzia nusu saa mpaka saa mbili baada ya kunywa. Protini na mafuta na kalsiamu yake vimefyonzwa bila shida. Kilichokwama ni sukari tu.

Haidrojeni hiyo ndo inayotusaidia kupima, kwa sababu seli za mwili wa binadamu hazitengenezi haidrojeni, wanaoitoa ni bakteria, sehemu yake inaingia kwenye damu na kutokea kwenye pumzi. Mgonjwa anakuja hajala, anapuliza kwenye kifaa, anakunywa laktosi iliyopimwa, anaendelea kupuliza kwa saa kadhaa. Ikipanda kwa 20 au zaidi kwenye kila milioni moja kuliko alivyoanza, jibu limepatikana.

Na kupungua huku kwa laktesi ukubwani siyo ugonjwa wa ajabu, takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani wanayo, walizaliwa na laktesi nyingi kisha ikashuka wakiacha kunyonya. Wengi wao wanavumilia glasi moja wakinywa pamoja na chakula, kwa sababu tumbo linaachilia polepole na hiyo laktesi kidogo iliyobaki inapata nafasi. Maziwa ya mgando yanawakaa vizuri zaidi, bakteria wake wanakuwa wameshaila sehemu ya laktosi na wanaendelea kuikata ndani ya utumbo.

Ila kuna aina nyingine ambayo wazazi waijue. Mtoto akitoka kwenye kuharisha kukali kwa virusi, ncha za vile vijidole zinakuwa zimeng'oka, na kwa kuwa laktesi inakaa kwenye ncha hasa, ndiyo inayopotea mapema na kurudi mwisho. Utaona mtoto ameshachangamka, homa imeisha, lakini kila akipewa maziwa ya ng'ombe anatoa choo cha majimaji kwa nguvu, chenye harufu ya uchachu, na ngozi ya makalioni inakuwa nyekundu kwa sababu choo hicho kina asidi. Seli za ukuta huwa zinabadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, lakini ukuta ulioumia kurudi sawa kunachukua muda zaidi, mara nyingi wiki chache. Kwa kipindi hicho maziwa ya ng'ombe yanaweza kupunguzwa kwa ushauri wa daktari, ila kunyonya maziwa ya mama kusikatishwe, tunaona akina mama wanaachisha kwa hofu na mtoto ndo anazidi kudhoofu.

Na tusichanganye haya na mzio wa maziwa. Mzio unahusu protini, siyo sukari, unaweza kuleta vipele, kuvimba midomo, kutapika au kubanwa pumzi hata kwa kijiko kimoja, na huyo hatakiwi kujaribu kidogo kidogo nyumbani kama wa laktosi. Akibanwa pumzi akimbizwe hospitali muda huo huo.