“Si Vibaya Kwake”: Sababu ya Kushuka Aya ya Safa na Marwa

Katika darasa za tafsiri tunazosomesha hapa Mwanza, aya ya 158 ya Suratul Baqara huleta mushkili kwa mwanafunzi hodari kuliko kwa anayeanza. Aya inasema kwamba Safa na Marwa ni katika alama za Mwenyezi Mungu, na kwamba mwenye kuhiji au kufanya umra “si vibaya kwake” kuzunguka baina yake. Mwanafunzi aliyekwisha soma usuli anajua kuwa kuondolewa dhambi katika jambo huonyesha kwa kawaida kwamba jambo hilo ni halali tu. Hapo huuliza, na ana haki ya kuuliza: mbona basi katika fiqhi yetu ya Kishafi tumesomeshwa kuwa sa'yi, yaani kuzunguka huko baina ya vilima hivyo viwili, ni nguzo, wala Hija haitimii bila ya hiyo?

Swali hilo aliwahi kuliuliza Urwa bin Zubeir, angali kijana, kwa mama yake mdogo, Bibi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake), na mazungumzo yao yamepokewa katika Sahihi Bukhari. Urwa alisema kuwa, kwa jinsi anavyoielewa aya, hapana dhambi kwa asiyezunguka baina ya Safa na Marwa. Bibi Aisha alimwambia kuwa amesema vibaya, kisha akamrudisha kwanza kwenye lafudhi yenyewe: lau maana ingekuwa hiyo, aya ingesema “si vibaya kwake asizunguke.” Baada ya hapo ndipo akamweleza sababu. Kabla ya kusilimu, Ansari walikuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu la Manata, lililokuwa Mushallal, na aliyehirimia huko aliona ni vibaya kuzunguka Safa na Marwa. Waliposilimu walimwuliza Mtume (Rehema na amani zimshukie) juu ya uzito huo waliokuwa nao, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya.

Maneno “si vibaya” ni jibu, na jibu hupimwa kwa swali lake. Mvuvi wa Ukerewe akiuliza kama ni vibaya kuswali Alasiri akiwa ndani ya mtumbwi, akajibiwa “si vibaya,” hakuna atakayetoka hapo akidai kuwa swala ya Alasiri ni hiari. Kilichoondolewa ni shaka ya muulizaji. Hukumu ya tendo lenyewe haikuulizwa. Ansari nao hawakuuliza kama sa'yi ni lazima. Waliuliza kama inafaa kwa Mwislamu.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu, kwa kuwa wengi huivusha sababu hii mpaka wake. Kisa cha Ansari hakithibitishi wajibu wa sa'yi. Kinazuia tu aya isifanywe hoja ya kuikanusha. Bibi Aisha mwenyewe alitenganisha mambo hayo mawili, kwani baada ya kisa aliongeza kuwa Mtume ndiye aliyeiweka desturi ya kuzunguka baina yake, kwa hiyo haimfalii yeyote kuiacha. Wajibu umetoka katika Sunna, na ndiyo maana wanavyuoni wameweza kuhitilafiana juu ya daraja lake: kwa Mashafi na Wamaliki ni nguzo, kwa Mahanafi ni wajibu ambao aliyeuacha hufidia kwa kuchinja. Wote wanaijua sababu, na haikuwalazimisha kauli moja.

Jingine la kuchunguza ni namna mpokezi anavyosema. Mara nyingi Swahaba husema “aya hii imeshuka kwa ajili ya fulani” akikusudia tu kuwa hukumu yake inamhusu mtu huyo, na kauli kama hiyo haitoshi kuitwa sababu. Katika riwaya hii Bibi Aisha anataja hali ya watu, kisha swali lao, kisha “ndipo Mwenyezi Mungu akateremsha,” na mfuatano huo ndio unaobainisha sababu waziwazi. Hata hivyo haikuwa sababu pekee iliyotajwa. Zuhri, aliyeipokea riwaya hii kwa Urwa, alipomsimulia Abubakar bin Abdurrahman habari hii, Abubakar alisema amesikia kwa watu wa elimu kwamba wapo wengine waliokuwa wakizunguka Safa na Marwa tangu zamani, wakaingiwa na shaka walipoona Qurani imetaja kuzunguka Al-Kaaba bila ya kuvitaja vilima hivyo, nao wakauliza. Akaona aya imeshuka kwa makundi yote mawili. Hapana haja ya kuitupa riwaya moja, maana aya moja yaweza kujibu shaka mbili, na zote mbili zinaelekea upande ule ule: waulizaji waliogopa kutenda.

Wala sababu haiifungi aya kwa wenyewe. Kanuni ya wengi katika wanausuli ni kuwa kinachozingatiwa ni ujumla wa lafudhi, si umahususi wa sababu, na lafudhi hapa ni “mwenye kuhiji Nyumba hiyo au kufanya umra.” Haji wa Sengerema ambaye hajapata kulisikia jina la Manata ameingia ndani yake sawasawa na Ansari wa Madina.