Kiongozi aliyeacha jina la ubatizo: tumwandike kwa jina lipi?

Jina la ubatizo ni lile ambalo Mkristo hupewa anapobatizwa, nalo katika Afrika ya ukoloni mara nyingi lilikuwa la Kizungu. Kiongozi anapoliacha na kujiita kwa jina la Kiafrika, mwandishi anayemrejelea hulazimika kuamua amwandike vipi.

Mfano ulio wazi ni wa Joseph-Désiré Mobutu, aliyetwaa madaraka Kongo mnamo Novemba 1965. Oktoba 1971 aliibadili nchi jina ikawa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, akiwataka wananchi nao waache majina ya Kizungu. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga siasa hiyo, na mwaka huohuo akalazimika kukaa Roma kwa muda.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kudhani kwamba neno la mwisho ndilo jina la ukoo, hata katika orodha ya marejeo akaandikwa «Seko, M. S.». Mobutu ndilo jina lililobaki katika sura zote mbili: mwanzoni lilikuwa mwishoni, kisha likatangulia. Kwa hiyo katika faharasa huwekwa chini ya M, bila mkato, hivi: Mobutu Sese Seko.

Katika maelezo yako mwenyewe, tumia jina alilolichagua, kisha taja la zamani mara moja pale linapohitajika. Ukisimulia tarehe 14 Septemba 1960, alipotangaza kuwasimamisha wanasiasa, andika: «Mobutu Sese Seko, wakati huo Kanali Joseph-Désiré Mobutu». Ukiandika Sese Seko peke yake, msomaji atadhani jina hilo lilikuwapo miaka kumi na miwili kabla ya kuchaguliwa. Ukimwita Joseph-Désiré unaposimulia mambo ya 1974, utakuwa umemrudishia jina alilolikataa, na kwa maoni yangu huko ni kumkosea hata mtu ambaye utawala wake unaupinga.

Waraka una kanuni yake. Tamko la 1965 lililotiwa saini kwa jina la Joseph-Désiré hunukuliwa kama lilivyo, kwa sababu atakayelitafuta katika nyaraka atalikuta kwa jina hilo. Katika faharasa ongeza kielekezi: «Mobutu, Joseph-Désiré, tazama Mobutu Sese Seko».

Kwa waliomfuata kiongozi kwa amri, kauli ya mwenye jina ndiyo ya kuangaliwa. Mwanasiasa Étienne Tshisekedi alijulikana katika miaka ya Zaire kama Tshisekedi wa Mulumba, lakini baadaye «Étienne» likarudi kutumika hadharani, na ndivyo anavyoandikwa leo. Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alijiita Vumbi Yoka Mudimbe. Herufi za mwanzo hazikubadilika, kwa hiyo «Mudimbe, V. Y.» ni sahihi kwa kazi zake za kabla na za baada ya 1972.