Neno kujirudia sio ushahidi kwamba sentensi inaingia kwenye pengo

"Kwenye swali la kuchagua sentensi ya kujaza pengo la aya, si unachagua tu ile yenye neno lililopo kwenye aya?"

Hapana, na wengi wanaangukia hapo hapo, maana mtunzi wa swali anajua utatafuta neno linalofanana kwa hiyo analiweka makusudi kwenye sentensi isiyofaa. Cheki hii:

Mhandisi alichora mchoro wa daraja. ____ Ndiyo maana waliamua kuanza upya.

A: Daraja lilikuwa na nguzo nne imara.
B: Hata hivyo, wenzake walipoupima waligundua una makosa.

Wengi wanakimbilia A sababu ya "daraja". Sasa angalia baada ya pengo: "ndiyo maana" inadai sababu itangulie, na nguzo imara sio sababu ya kuanza upya. Halafu "waliamua", akina nani? Kabla ya pengo kuna mtu mmoja tu, na A haileti mwingine. B inaleta "wenzake", na hiyo -ake inarudi kwa mhandisi. Ila mimi napenda zaidi kile ki-u kidogo kwenye "walipoupima", kinashika mchoro, ingekuwa daraja tungesoma "walipolipima".

Upatanisho wa ngeli peke yake hautoshi lakini, kama aya ina mchoro, mradi na mkataba, zote zinachukua u-, hapo kiunganishi ndo kinaamua: "hata hivyo" inataka kitu cha kupingana nacho juu yake, "pia" inataka kitu cha kuongezea. Ukishajaza soma sentensi tatu mfululizo, ya kabla, uliyoweka na ya baada, kiwakilishi kikikosa mwenyewe itoe sentensi uliyoweka.